Kosa Lako Linajua Ulipoteleza: Maswali Sita ya Konsonanti

Walimu wenzangu, wanafunzi wa isimu, na nyinyi mliovutwa na kelele za humu ndani, hamjambo.

Leo nimewaletea chemsha bongo. Maswali ni sita, kila moja lina majibu manne, na jibu moja ndilo sahihi. Naomba mambo mawili tu. Kwanza, mtu asione haya kutoa sauti za ajabu mbele ya jirani yake, kwa sababu mdomo uliofungwa haumsaidii anayejifunza fonetiki. Pili, weka kalamu chini, maana mikono tutaihitaji kwa kushika koo na pua.

Mnajua kwamba konsonanti huelezwa kwa sifa tatu. Tunasema kama nyuzi za sauti zinatetema, yaani sauti ni ghuna, au hazitetemi, yaani ni sighuna. Tunasema mahali inapotamkiwa: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, glota. Kisha tunasema jinsi hewa inavyozuiwa hapo mahali. Chati ya Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kile kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, imepangwa vivyo hivyo. Safu za wima ni mahali, safu za mlalo ni jinsi, na sauti mbili zikikaa katika chumba kimoja, ya kulia ndiyo ghuna. Kwa hiyo maelezo ya konsonanti ni anwani kamili: mtaa, nyumba na upande wa mlango.

Sasa niwape siri ya mtungaji wa maswali haya. Majibu mabaya hayaokotwi ovyo. Kila moja ni jirani wa jibu sahihi, amekosa sifa moja tu kati ya zile tatu. Ndiyo maana mimi ninaposahihisha huwa nasoma makosa kwa makini kuliko majibu sahihi. Aliyepata huenda amebahatisha. Aliyekosa ameniandikia mwenyewe sifa gani haijamwingia.

Haya, swali la kwanza. Kipasuo ghuna cha midomo ni kipi? (A) p, (B) b, (C) m, (D) v.

Nasikia "B" kila upande, na ni kweli. Midomo inafungana, hewa inajaa nyuma yake, inaachiwa kwa ghafla, na muda wote huo nyuzi za sauti zinatetema. Aliyechagua p ana kila kitu isipokuwa mtetemo. Aliyechagua m anastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu m nayo ni ya midomo na nayo ni ghuna. Midomo imefungwa kama kwenye b, ila mlango wa pua uko wazi, kwa hiyo hewa haijai wala haipasuki, inapita zake puani. Mtu mwenye mafua makali, pua imeziba kabisa, akimwita mama utadhani anamwita baba. Hajabadilisha kitu mdomoni, ni ule mlango wa juu tu uliofungwa bila ridhaa yake. Na aliyechagua v amekosa mara mbili: v ni ya midomo na meno, tena ni kikwamizo. Jibu la namna hiyo ni baya hata kwa mtungaji, maana halinielezi mwanafunzi alikosea mahali au jinsi. Nimeliweka makusudi ili mlione.

Nimemwona kijana mmoja ameshika koo, anasema "pa, pa", na uso wake unaonyesha mashaka. Anahisi mtetemo na kitabu kinamwambia p ni sighuna. Kitabu hakijakosea. Mtetemo anaouhisi ni wa irabu a, na irabu zetu zote ni ghuna. Ukitaka kuikamata p peke yake, sema "ap" kisha uache midomo imefungwa. Kimya. Sasa sema "ab", midomo ibaki imefungwa vilevile. Kuna mngurumo mdogo unaendelea ndani kwa kitambo kifupi, kisha unakufa kwa sababu kinywa kimejaa hewa na hakuna pa kuitolea. Mngurumo ule ndio ughuna. Kwa s na z kazi ni rahisi zaidi, unaivuta "ssss" na "zzzz" mpaka uchoke, kidole kikiwa kooni.

Swali la pili. Nazali ya kaakaa laini ni ipi? (A) n, (B) ny, (C) ng, (D) ng'.

Hapa ukumbi umegawanyika, kama nilivyotarajia. Wako waliosema C na wako waliosema D. Jibu ni D, ile ng' ya ng'ombe. Ukitazama vizuri, sifa ya ughuna haikutajwa kwenye swali. Sikuisahau. Nazali kwa kawaida huwa ghuna, kwa hiyo kuitaja ni kama kusema maji ya majimaji.

Aliyechagua n amekosa mahali: ncha ya ulimi iko kwenye ufizi. Aliyechagua ny naye amekosa mahali, bapa la ulimi limegusa kaakaa gumu. Kosa la C ni la aina nyingine kabisa, nalo limewaponza hata watu wanaotamka Kiswahili bila dosari. Wamesoma herufi. Ile ng ya ngoma ina mambo mawili ndani yake: inaanza na nazali ya kaakaa laini, kisha inafuata g. Sema "ngoma" polepole, usimame kabla ya o. Utasikia mlango wa pua ukifungwa na hewa ikipasuka nyuma ya kinywa. Sasa sema "ng'ombe", usimame vilevile kabla ya o. Hakuna kinachopasuka. Unaweza kuivuta ng' hiyo mpaka pumzi iishe.

Ushahidi mwingine uko kwenye pua. Ivute ng' kwa muda, kisha uzibe pua kwa vidole viwili. Sauti imekatika papo hapo, si ndiyo? Nyuma ya kinywa kumefungwa, na njia pekee iliyobaki umeiziba. Sauti isiyokatika pua ikizibwa si nazali.

Na kabla hatujaondoka hapo, sema neno "benki". Umeandika n, lakini ulimi wako hauendi kwenye ufizi. Umeshavutwa nyuma na k inayokuja, kwa hiyo umetamka ng'. Herufi na sauti ni vitu viwili, na chemsha bongo ya aina hii huulizia sauti. Ndiyo sababu wanafonetiki huandika ŋ, alama moja kwa sauti moja, wakaachana na ubishi wa tahajia.

Swali la tatu. Kikwamizo ghuna cha kaakaa laini: (A) g, (B) gh, (C) kh, (D) dh.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote sita, kwa jinsi lilivyokaa. Jibu ni gh, ya ghali na ya lugha. Majirani watatu kila mmoja amekosa sifa yake. Ukichagua g, mahali umepata, ughuna umepata, jinsi umekosa, kwa sababu g ni kipasuo. Ukichagua kh, ya akhera, mahali na jinsi umepata, ila kh ni sighuna. Ukichagua dh umepata ughuna na jinsi, lakini ulimi umeuacha kwenye meno. Mwalimu akitazama jibu lako tu, bila kukuuliza neno, anajua akurudishe kwenye sura gani ya kitabu.

Wengi wanaokosa hapa huchagua g, na mara nyingi ni kwa sababu ndivyo wanavyotamka wenyewe: "luga", "gali". Hapo maelezo hayatawasaidia mpaka waisikie tofauti kinywani. Kipimo ni kuvuta. Jaribu kuvuta g kwa sekunde tatu. Haivutiki, kwa sababu hewa imefungiwa kabisa, na kilichofungwa hakiendelei. Sasa uachie ulimi kidogo tu kutoka kwenye kaakaa laini, usiuondoe, uache upenyo mwembamba, na koo liendelee kunguruma. Hewa inakwaruza inapopita, na hiyo sauti unaweza kuivuta utakavyo. Hiyo ndiyo gh. Zima mngurumo wa koo, ulimi ukae palepale, umepata kh. Mtu akifanya mabadiliko hayo mawili kwa ulimi wake mara tatu, swali hili halimpigi chenga tena.

Swali la nne. Kipasuo-kwamizo sighuna cha kaakaa gumu: (A) t, (B) ch, (C) sh, (D) j.

Jibu ni ch. Hii ni sauti yenye nusu mbili. Kwanza bapa la ulimi linaziba njia nyuma kidogo ya ufizi, na hewa inasimama kama kwenye kipasuo. Kisha ulimi hauachii kwa ghafla. Unaachia kidogo kidogo, na hewa inakwaruza kwenye upenyo huo. Ukijaribu kuivuta ch, nusu ya kwanza inapita na unachobaki nacho ni sh ndefu. Kwa hiyo aliyechagua sh amesikia mwisho wa sauti, na aliyechagua t amesikia kitu kinachofanana na mwanzo wake, akakosea na mahali pia kidogo. Tamka kwa zamu: toka, choka, shoka. Ya kwanza inafunga na kupasuka. Ya tatu inakwaruza tangu mwanzo. Ya kati inafunga, kisha inakwaruza.

Mtakuta vitabu vingine vinaiweka ch kwenye ufizi na kaakaa gumu kwa pamoja badala ya kaakaa gumu peke yake. Msigombane kwa hilo. Ulimi umekaa pale pale, tofauti ni mahali mwandishi alipochora mpaka.

Kuhusu j lazima nikiri udhaifu wa swali langu. Nimeiweka kama mwenzake ch mwenye ughuna, na vitabu vingi vinafanya hivyo. Lakini semeni "jina", polepole, na msikilize kama kuna mkwaruzo baada ya kuachia. Naona wengine wanatikisa kichwa. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili j ni kipasuo safi, hakina mkwaruzo wowote, na kwa wengine kikoromeo hushuka kidogo wakati wa kuitamka, hewa ikaelekea ndani badala ya kusukumwa nje. Weka kidole kwenye kikoromeo, useme "jaja", na "baba" pia, utakihisi kikishuka kama wewe ni miongoni mwao. Kwa mtu wa namna hiyo j imekosa sifa mbili, si moja. Bado si jibu sahihi, kwa hiyo swali linasimama. Lakini kama ningeuliza "kipasuo-kwamizo ghuna cha kaakaa gumu" na kutarajia j, nusu ya ukumbi huu ingekuwa na haki ya kunikatalia.

Swali la tano. Kitambaza ghuna cha ufizi: (A) d, (B) n, (C) l, (D) r.

Safari hii zote nne ni ghuna na zote nne ni za ufizi. Kinachopimwa ni jinsi peke yake, na hapa kubahatisha hakuna pa kushika. Jibu ni l.

Semeni "ada", "ana", "ala". Ncha ya ulimi imekwenda mahali pamoja mara zote tatu, imegusa ufizi. Kilichobadilika ni milango. Kwenye d pembeni mwa ulimi kumefungwa na pua imefungwa, basi hewa inajaa mpaka ipasuke. Kwenye n pembeni kumefungwa, pua iko wazi. Kwenye l pua imefungwa, lakini pembeni mwa ulimi kuko wazi, na hewa inatambaa kupita huko. Ndiyo maana ikaitwa kitambaza.

Mtu atauliza, nitajuaje pembeni kuko wazi na mimi sioni ndani ya kinywa changu? Kuna ujanja wa zamani wa darasa la fonetiki. Weka ulimi kama unataka kusema "la", usiseme, ukae hapohapo. Sasa vuta pumzi kwa nguvu kupitia mdomoni. Ubaridi umeuhisi wapi? Pembeni mwa ulimi. Wengine wameuhisi upande mmoja tu, wa kulia au wa kushoto, na hilo ni la kawaida, njia moja inatosha. Rudia na s. Ubaridi sasa uko katikati, kwenye mfereji mwembamba wa ulimi. Baridi ile ni ramani ya njia ya hewa, na haidanganyi kama masikio yanavyodanganya.

Nimesema masikio yanadanganya kwa sababu ya r. Wako watu ambao l na r kwao ni sauti moja, na swali hili huwatesa: kula na kura, mahali na mahari. Wakisikiliza hawapati kitu, kwa kuwa sikio limezoea kuzitia kapu moja. Kwao mimi nashauri waache kusikiliza kwanza, wafuate ulimi. Kwenye l ncha inagusa ufizi na kukaa. Kwenye r ncha haikai. Inapiga ufizi na kuondoka, mara moja upesi katika mazungumzo ya kawaida, mara kadhaa mfululizo mtu anapokaza neno, na kwa huko kupigapiga ikaitwa kimadende. Kwa hiyo "l" unaweza kuinyamazia katikati, ulimi umetulia juu. "r" ukiituliza ulimi juu, imeshakufa.

Tumebakiza la sita, nalo ndilo la mtego. Kipasuo sighuna cha midomo ni kipi? (A) p ya paa la nyumba, (B) p ya paa anayekimbia porini, (C) zote mbili, (D) hakuna hata moja.

Naona vicheko, na naona wengine wameacha kucheka. Jibu ni C. Kwa sifa zetu tatu, p hizo mbili zina anwani moja: midomo inafungana, inapasuka, nyuzi hazitetemi. Tahajia nayo inaziandika sawasawa. Lakini chukueni kipande cha karatasi laini, mkiweke mbele ya midomo kwa umbali wa vidole viwili, kisha mseme maneno yote mawili, la nyumba kwanza, la mnyama baadaye. Kwa wanaozungumza lahaja za pwani, karatasi inatikisika zaidi kwa mnyama. P yake ina mpumuo, yaani baada ya midomo kuachia, pumzi inatoka kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetema kwa ajili ya irabu. Paa la nyumba halina pumzi hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa kaa la moto, lisilo na mpumuo, na kaa wa baharini, mwenye mpumuo.

Chanzo chake kiko kwenye ngeli. Paa mnyama na kaa mnyama wamo katika ngeli ambayo zamani nomino zake zilianza na nazali. Mbele ya b nazali hiyo imebaki mpaka leo, tunaisikia kwenye mbuzi. Mbele ya p, t na k ilipotea, ikaacha pumzi nyuma yake. Paa la nyumba na kaa la moto ni wa ngeli nyingine, ile yenye wingi wa ma-, mapaa na makaa, ambayo haikuwa na nazali ya kupoteza. Basi hata asiyetamka mpumuo anaweza kujua neno lipi lingeupata: aulize wingi wake.

Mkirudi kwenye karatasi zenu, baadhi yenu mtaona haikutofautiana hata kidogo. Hamjakosea kitu. Nyinyi mna p moja, na kwenu sifa tatu zinatosha. Aliyeona tofauti ana p mbili, na kwake swali langu lina upungufu mpaka niongeze neno la nne: kipasuo sighuna cha midomo chenye mpumuo. Nikiliongeza, jibu linahama kutoka C kwenda B.